Karatasi ya "Hata Hivyo"

Ilikuwa mwaka wa 2006, Chepkoilel ingali bewa la Chuo Kikuu cha Moi. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alimkabidhi mhadhiri wake bahasha yenye karatasi thelathini na moja, zisizo na nambari wala mpangilio.

"Mwalimu, naomba kubadilisha mada. Sikumbuki tena nilichotaka kusema."

"Niachie hadi Ijumaa," mhadhiri akamjibu.

Jioni ile hakuanza na maudhui, kwa maana apangaye kwa maudhui huishia kupanga mawazo yake mwenyewe. Alianza na alama. Kutu ya pini ilimwonyesha karatasi zilizowahi kubanwa pamoja, na rangi ya wino ikamtengea vipindi vya kazi. Kisha akatazama viunganishi: karatasi iliyoanza kwa "hata hivyo" ilikuwa ikipinga jambo fulani, na jambo hilo lilipaswa kutafutwa.

Alilipata. Mwanafunzi alikuwa amezigawa karatasi zake kwa majina ya washairi, na hapo ndipo hoja ilipokatika. Katika fungu la Alamin Mazrui mlikuwa na karatasi iliyodai kwamba mashairi huru ya *Chembe cha Moyo* (1988) yalizaliwa na kizuizi alichowekwa mshairi mwaka wa 1982. Karatasi yenye kutu ileile ilikuwa katika fungu jingine: "Hata hivyo, Abdilatif Abdalla naye alifungwa, 1969 hadi 1972, akaandika *Sauti ya Dhiki* kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mbona hakuziacha vina na mizani?"

Ilibaki karatasi ya tatu, iliyoanza kwa "kwa hiyo" na kutamka kwamba umbo ni uamuzi wa mshairi. Ingekuwa hitimisho zuri. Lakini wino wake ulikuwa mwingine, wala haikuwa na kutu. Mhadhiri akaiweka kando.

Siku ya Ijumaa mwanafunzi alizisoma zile mbili, akanyamaza kitambo.

"Haya niliyaandika mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimeyasahau kabisa."

"Na hii ya tatu?"

"Hiyo si ya hapo, Mwalimu. Ni ya Kezilahabi, kuhusu *Kichomi* ya 1974." Akasita, kisha akaendelea polepole: "Naye hakufungwa, lakini aliandika mashairi huru."

"Basi umethibitisha nini?"

"Kwamba kuna aliyefungwa akashika arudhi, na asiyefungwa akaiacha. Jela peke yake haielezi umbo."

"Na kwamba umbo ni uamuzi?"

"Hilo bado, Mwalimu. Washairi watatu wanatosha kuvunja dai la jela, hawatoshi kujenga jingine."

Mhadhiri alifurahi kwamba hakuibandika ile karatasi ya tatu. Angeibandika, mwanafunzi angepokea hitimisho lililokamilika, na swali lingefungwa kabla ya kuulizwa. Mada haikubadilishwa.