Hongera kwa Mshahara, Pole kwa Makato

Mganda wa Buganda akimkuta jirani yake amenunua baiskeli, humwambia "weebale okugula", yaani asante kwa kununua. Baiskeli si yake na huenda asiipande hata siku moja, lakini anashukuru. Kiswahili hakishukuru hivyo. Ukimwambia mtu asante kwa kununua gari, atadhani unatarajia akupeleke mjini. Aliyepata tunampa hongera na anayetaabika tunampa pole, na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Mtanzania akikukuta unafanya kazi hukuambia "pole na kazi", pale pale ambapo Mganda angekushukuru.

Tulifundishwa tofauti hizo mwaka wa kwanza, katika somo la salamu na adabu za mazungumzo, nami nikaziandika kwa ajili ya mtihani. Zilikuja kunihusu mwishoni mwa Februari 2024, rafiki yangu alipopokea mshahara wake wa kwanza. Tulikuwa tumeishi chumba kimoja cha hosteli kwa miaka miwili, yeye akinitangulia masomoni. Alipohitimu, alipata kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya binafsi upande wa Mukono. Ilinibidi nimpongeze kwa Kiswahili, maana ndicho kilichomlipa.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda asione ajabu yoyote katika sentensi hiyo. Rafiki yangu ni mtoto wa Masaka, na kwao, kama katika nyumba nyingi za Buganda, Kiswahili kilijulikana kama lugha ya askari na ya wezi. Wazee walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani wakati wa Idi Amin, mdomoni mwa watu wenye bunduki, na hawakusahau. Mimi nimekulia Busia, mpakani, ambako Kiswahili ni lugha ya kuuzia nyanya, kwa hiyo sikuwahi kuulizwa maswali aliyoulizwa yeye. Mjomba wake alimwuliza mbele ya wageni kama mtu anaweza kula Kiswahili. Kila sikukuu aliporudi nyumbani, swali lilikuwa lile lile: "Bado unasoma kile Kiswahili chako?"

Kilichomwokoa ni mtaala. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika madarasa mawili ya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe lugha rasmi ya pili. Shule zikaanza kutafuta walimu. Ndiyo maana mshahara ule haukuwa pesa tu. Ulikuwa jibu kwa mjomba.

Sasa, mtu akipata mshahara wa kwanza, ujumbe wa hongera hauji peke yake. Katika kundi letu la simu la waliosoma Kiswahili, wa kwanza aliandika, "Hongera, mheshimiwa!" Wa pili, "Bosi, tunakula lini?" Wa tatu akamwomba atukumbuke atakapoingia katika ufalme wake. Mmoja aliyewahi kukaa Arusha alitangaza kwamba anaanza rasmi kumpiga mizinga. Kwa wenzangu wa Uganda ambao hawajalisikia neno hilo, kumpiga mtu mzinga ni kumwomba pesa kwa ujanja wa kirafiki, naye aliyepigwa anatakiwa aidha atoe au akwepe kwa maneno mazuri zaidi. Rafiki yangu alikwepa vizuri. Alijibu, "Nyinyi mnanipa hongera huku mnaomba hongo." Nililicheka neno hilo siku nzima, kisha nikamwonea wivu kwa kulitunga.

Jioni alinipigia simu, na sauti haikuwa ya mheshimiwa tena. Barua yake ya ajira ilisema shilingi 600,000 kwa mwezi. Benki ilikuwa imemwandikia kwamba zimeingia 488,000. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikika na majirani, "Nimeibiwa?"

Nikamwambia anisomee hati ya mshahara mstari kwa mstari, na tukapiga hesabu pamoja. Kwanza kulikuwa na mchango wa hifadhi ya jamii wa NSSF, asilimia 5 ya mshahara wote, yaani 30,000. Kisha kodi. Kwa viwango vya mwaka ule, shilingi 235,000 za kwanza hazikutozwa kitu. Laki moja iliyofuata ilitozwa asilimia 10, ambayo ni 10,000. Baada ya hapo 75,000 zilitozwa asilimia 20, nazo ni 15,000. Zilizobaki, 190,000, zilitozwa asilimia 30, na hapo ndipo pigo lilipokuwa: 57,000. Jumla ya kodi ni 82,000. Ukiongeza zile 30,000 unapata 112,000, ambazo ndizo zilizokosekana. Hakuna aliyemwibia. Kwa kweli mwajiri alikuwa amemwongezea 60,000, asilimia 10, ambazo zilikwenda moja kwa moja kwenye akaunti yake ya NSSF bila kupita mfukoni mwake.

"Nitazipata lini?" akauliza.

"Ukifika miaka 55," nikamjibu. "Hongera kwa kuanza kuzeeka."

Alinyamaza kidogo, halafu akacheka kile kicheko chake cha hosteli kilichokuwa kikiamsha chumba cha pili. Hapo nikajua naweza kumtania. Sipendi watu wanaodhani kila mwenye furaha yuko tayari kwa mzaha. Kama nisingesubiri kicheko kile, mzaha wa uzee ungemkuta bado anawaza wizi, na ungemuuma. Utani wa mshahara una sehemu laini, na rafiki anapaswa kuzijua. Unaweza kumtania mtu kwa viatu vipya, kwa kutembea polepole kama mwenye shamba, kwa kuanza kusema "sisi wafanyakazi". Kiasi cha mshahara hukitaji mbele ya watu, hata kama umekipigia hesabu wewe mwenyewe. Wala huchezi na wale wanaomtegemea.

Kwa rafiki yangu wanaomtegemea ni mama na mdogo wake wa kike. Katika zile 488,000, alitoa 120,000 za kodi ya chumba na kumtumia mdogo wake 100,000 za kupunguza deni la ada. Mama alipewa 150,000, si kwa simu. Alizitoa benki, akazitia katika bahasha, akapanda teksi hadi Masaka siku ya Jumamosi na kumkabidhi kwa mikono miwili, akiwa amepiga magoti. Familia nyingi za kwetu huona kwamba mshahara wa kwanza usipofika kwa mzazi hautulii. Sijui kama hautulii, lakini nimeona kwamba mzazi huusubiri, hata yule anayesema hataki kitu.

Mjomba alikuwepo. Rafiki yangu alinisimulia kwamba mama alifungua bahasha, akahesabu, akahesabu tena, kisha akamgeukia kaka yake na kumwambia kwa Kiganda kwamba leo watakula Kiswahili. Akatuma mtoto dukani kununua nyama. Mjomba alikula, tena alirudia mchuzi. Kisha akasema maneno ambayo rafiki yangu alikuwa ameyangoja kwa miaka mitatu: "Weebale kusoma." Asante kwa kusoma. Nilipoyasikia kwenye simu nilielewa kwa nini hongera yangu, pamoja na mapambo yake yote, isingeweza kufanya kazi ile. Hongera ningeweza kuitoa mimi, niliyemwamini tangu mwanzo. Asante ilipaswa kutoka kwa aliyekuwa hashukuru.

Baada ya kutoa hizo zote, alibaki na 118,000 za kula, za nauli na za sabuni kwa mwezi mzima. Wenzetu kwenye kundi hawakulijua hilo na waliendelea kuuliza sherehe ni lini. Mmoja alitaka kujua kama ameshachagua rangi ya gari. Sikuona haki kuwatajia hesabu za nyumba ya mtu, lakini sikuona haki pia kunyamaza wakati mizinga inalia. Kwa hiyo niliugeuza utani. Niliandika kwamba mheshimiwa amenunua gari tayari, lina matairi mawili, dereva wake huvaa kofia ya chuma, na yeye hulipa kila akishuka. Niliongeza kwamba sherehe itafanyika akitimiza miaka 55, kila mtu aje na kiti chake. Watu wakacheka, wakahamia kwenye bodaboda na bei zake, na suala la karamu likafa bila mtu kuaibika. Ndani ya dakika chache alinitumia peke yangu neno moja: "Nimeona."

Nikamwandikia hongera yangu halisi usiku ule, faraghani. Nilijaribu kwanza Kiswahili cha darasani, chenye "natoa pongezi zangu za dhati", nikakifuta kwa sababu kilisikika kama barua ya mkuu wa idara. Mwishowe niliandika hivi:

"Mwalimu, hongera kwa mshahara, pole kwa makato, na weebale kufundisha. Nakumbuka usiku uliokuwa ukisoma ngeli kwa mwanga wa simu, na mimi nikikuambia uzime nilale. Leo kuna watoto wanaosema 'kitabu changu' na si 'kitabu yangu' kwa sababu yako, na serikali imekukata 82,000 kwa kosa hilo. Najivunia wewe. Usiniazime kitu mwezi huu. Mwezi ujao nitakuja Mukono na njaa."

Ujumbe ulionyesha kwamba umesomwa, kisha kimya cha karibu saa nzima. Nilianza kufikiri kwamba nimegusa mahali laini. Jibu lilipokuja lilikuwa la mwalimu kweli, maana pole yangu aliijibu kama watu wa pwani wanavyoijibu, na utani wangu akaurudisha kwa bei yake:

"Nishapoa. Roleksi ni Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Chapati juu yangu, mayai njoo nayo."