Kopo la Nguvu
Juzi kijana wetu alirejea kutoka mpirani, akanywa kopo zima la kinywaji cha kutia nguvu, nusu lita. Usiku hakupata usingizi. Moyo wamwenda mbio. Tukalisoma lile kopo: katika kila mililita 100 mna sukari gramu 11 na kafeini miligramu 32. Basi kijana wetu alikunywa sukari ya vijiko vya chai kama 14, na kafeini miligramu 160, ya vikombe viwili vya kahawa. Naye ana kilo 50. Kwa siku haimpasi kupita miligramu 150. Tena sukari nyingi hivyo hukawia tumboni, na maji hukawia nayo. Ama kafeini, haiondoi uchovu, huuficha tu. Mchezaji mwenye kiu tumpe maji.