Barua za Padri Mstaafu

Nilipotimiza miaka 75 nilimwandikia Baba Askofu wa Kalemie-Kirungu nikiomba kuachia uparoko, kama kanuni ya 538 ya Sheria za Kanisa inavyotuomba. Alipokubali, nilibaki kuishi hapa hapa Kirungu, ambapo mwaka 1917 Stefano Kaoze alipewa daraja la upadri, Mkongomani wa kwanza katika nyakati zetu.

Daraja halifutiki, na Misa niliendelea kuiadhimisha kila asubuhi. Ila paroko huungamisha na kufungisha ndoa kwa nguvu ya cheo chake. Cheo kikimtoka, ruhusa hizo nazo zinamtoka, isipokuwa awe amepewa kwa njia nyingine. Ndiyo maana kabla ya kukabidhi parokia nilimwomba Askofu ruhusa ya kudumu ya kuungamisha, tena kwa maandishi, kwa kuwa kanuni ya 973 inataka hivyo. Anayepewa ruhusa hiyo na askofu wa jimbo lake anaweza kuungamisha popote, asipokatazwa na askofu wa mahali anapofika. Mgonjwa aliye katika hatari ya kufa hangojei barua: padri yeyote, hata asiye na ruhusa, anaweza kumwondolea dhambi.

Ndoa ni jambo gumu zaidi. Mjukuu wa jirani yangu alitaka nimfungishe yeye na mchumba wake, kwa sababu nilimbatiza. Nilimwambia, "Mwanangu, nenda kwanza kwa paroko." Nisingepewa na paroko huyo, au na Askofu, idhini ya kusimamia ndoa ile, kanisa lingejaa, pete zingevaliwa, na bado ndoa ingekuwa batili. Paroko aliniandikia idhini akitaja jina langu na majina ya wachumba, nikaisoma mbele yao kabla ya siku yenyewe. Idhini ile ilikuwa ya ndoa moja tu. Wachumba waliofuata niliwaombea nyingine.

Nikisafiri nje ya jimbo hubeba barua ya utambulisho iliyotolewa ndani ya mwaka huo, maana mwenye kanisa asiyenijua ana haki ya kuidai kabla ya kunipa altare.

Baadaye paroko aliugua akashindwa kazi, na Askofu akaniteua msimamizi wa parokia. Kwa barua hiyo moja nilirudia wajibu na haki za paroko, pamoja na ndoa za parokia, kwa kuwa Askofu hakuweka mpaka wowote. Paroko alipopona nilimtolea hesabu ya yote niliyoyasimamia, na mamlaka yale yakaisha siku hiyo.

Ndugu mapadri mnaokaribia kustaafu, ombeni ruhusa ya kuungamisha kwa maandishi mkiwa bado mnashika funguo za parokia, na msikubali kufungisha ndoa kwa neno la mdomo tu.