Deni la Mahindi Yaliyokwisha Kuliwa

Nilizaliwa kihambani, Mkuu Rombo, nikasoma huko huko, nikateremka Moshi mjini kujifunza uhasibu, kisha nikarudi kuwa karani wa hesabu katika shule moja ya bweni. Nimestaafu. Ninayotaka kuyaeleza kwa kirefu ni ya hundi moja, na ubishi wangu na mkuu wangu wa fedha wa siku zile. Hadi leo hatujaumaliza.

Kazi nilifundishwa na mzee mmoja aliyekulia kwenye vitabu vya ushirika wa kahawa. Kila mwisho wa mwezi, kabla ya jambo lingine, alitaka orodha ya hundi tulizotoa ambazo benki haijaziona. Hundi ikikaa humo miezi mitatu alinituma kumtafuta mwenyewe. "Mwanangu," aliniambia, "hundi ni ahadi. Deni linakufa pesa ikitoka benki."

Mzee alipokwisha kustaafu tukanunua mahindi kwa mfanyabiashara wa Tarakea, shilingi 1,840,000. Hundi ikaandikwa, akaichukua na kusaini. Vitabuni tukampunguza kwenye wadai, tukapunguza na benki. Miezi sita ikapita. Taarifa ya benki ilionyesha 4,960,000, daftari letu 3,120,000, na tofauti yote ilikuwa hundi hiyo moja. Benki zetu hazilipi hundi iliyozidi miezi sita, kwa hiyo kuendelea kuiita hundi iliyo njiani kulikuwa ni kujidanganya. Simu ya yule bwana haikupatikana.

Mkuu wangu akaagiza niirudishe benki na upande wa pili niandike mapato mengineyo. Hoja yake: hundi imekufa, na deni limekufa nayo. Nilikataa, na ningekataa tena leo. Kilichokufa ni karatasi. Hundi ni malipo yenye sharti. Isipolipwa, deni la awali linarudi palepale. Mahindi tuliyapokea, wanafunzi wakayala, kwa hiyo hata gharama ya chakula haiguswi. Debiti benki 1,840,000, krediti wadai 1,840,000, kwa jina la muuzaji, kwa tarehe ya siku ya kurekebisha, pasipo kuufungua mwaka uliokwisha kufungwa. Na barua iende benki kuzuia malipo, maana karani wa dirishani anaweza kupitiwa na tarehe.

Miezi sita ni ya benki. Sheria ya Ukomo wa Muda inampa mwenye madai ya mkataba miaka sita, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi kabla haijaisha, hesabu inaanza upya. Viwango vya kimataifa, ambavyo Tanzania ilivianza mwaka 2004, vinasema hivyo hivyo: deni huondolewa vitabuni likilipwa, mdai akilisamehe, au haki ya kudai ikiisha. Kutopatikana kwa simu hakumo katika hayo matatu.

Bodi ilinikubalia. Mwaka wa tatu, Desemba, watu walipopanda kutoka Dar es Salaam kwa Krismasi, akaja kijana na hundi ile ndani ya bahasha. Baba yake alikuwa amefariki, nao waliikuta kwenye sanduku lake. Mkuu wangu, kwa huruma, alitaka alipwe palepale. Hapo nako nilisimama: hundi haimfanyi aliyeibeba kuwa mrithi. Familia ikaenda Mahakama ya Mwanzo, akateuliwa msimamizi wa mirathi, ambaye ni dada wa kijana yule. Tulihakiki vocha zote kuona kama marehemu hakuwahi kulipwa taslimu, tukaichukua hundi ya zamani, tukaipiga mistari ya kufuta na kuibandika kwenye vocha, ndipo tukamwandikia msimamizi hundi mpya. Debiti wadai, krediti benki.

Fikirini kama ningeandika mapato. Malipo yale yangeingia kama mahindi ya mwaka ule, na mkaguzi angeuliza mahindi yenyewe yako wapi, hati ya kupokelea stoo iko wapi. Mwaka mmoja ungekuwa na faida isiyokuwapo na mwingine gharama isiyokuwapo.

Mkuu wangu wa zamani tunakutana kanisani. Bado anasema kwamba baada ya miaka sita ningeyaita mapato. Namjibu kwamba hapo tunakubaliana, ikiwa hakuna barua yoyote ambamo tulikiri deni, na bodi ikiridhia kwa maandishi. Yeye aliyataka mwezi wa saba.

Vijana mnaniambia hundi zimepitwa na wakati, siku hizi mnalipa kwa mtandao wa benki. Basi someni taarifa za benki zenu. Malipo yaliyokosewa namba ya akaunti yanarudi kama mapokezi, na nimeona shule moja karani akiyaandika mapato mengineyo, na muuzaji wa maharage akihesabiwa amelipwa. Nilimwonyesha karani huyo krediti inakwenda wapi, akaifungua akaunti ya yule muuzaji na kuiandika upya mbele yangu.