Kauza Asali Chupa 11 Mtandaoni, Faida Ikaishia Njiani

Dada mmoja wa Singida mjini alikuwa akiringa kimyakimya. Asali yake ya Itigi, chupa ya lita moja, inauzwa kwenye soko moja la mtandaoni kwa 18,000. Mpaka chupa ifungwe vizuri na kubandikwa lebo inamgharimu 11,000. Kamisheni ni asilimia 15, yaani 2,700. Kwa hiyo anabaki na 4,300, si ndiyo? Kwa hesabu hiyo hiyo akakopa kikoba, akanunua dumu zingine mbili.

Pesa ya katoni ya kwanza ilipoingia akahisi kaibiwa. Kaka yake akamwambia, "Dada, fungua ule mchanganuo wa malipo, usiangalie jumla tu."

Wakaufungua. Kumbe kamisheni haikukatwa kwenye 18,000. Mteja alilipa na 5,000 ya kuletewa, hivyo asilimia 15 ilipigwa kwenye 23,000, ikawa 3,450. Juu yake ikaja VAT ya asilimia 18 ya hiyo kamisheni, 621. Jumla 4,071. Na hiyo 5,000 ilikuwa kubwa kwa sababu ya asali yenyewe: lita moja ina uzito wa kama kilo 1.4, na mfumo unahesabu kilo 2. Wengi hapa ndipo wanapopigwa, wanadhani lita ni kilo.

Bado basi. Katoni ya chupa 12 kwenda Dar ililipiwa 12,000. Chupa moja ikavuja njiani, na iliyovuja hairudishi hela. Katoni nzima na usafiri ilimgharimu 144,000. Chupa 11 zilizouzika ziliingiza 198,000, zikakatwa 44,781. Kilichobaki ni 9,219, yaani kama 838 kwa chupa. Ile 4,300 ilikuwa ya kwenye karatasi tu.

Wakageukia wateja wake wa Instagramu. Huko anauza 15,000 na mteja analipa basi mwenyewe. Toa 11,000 ya chupa, toa 500 ya bodaboda mpaka stendi na 300 ya kutoa pesa kwenye simu. Inabaki 3,200, kabla ya tangazo. Tangazo la 20,000 lililoleta wateja 10 linakula 2,000 kwa chupa, anabaki na 1,200. Bei ndogo, faida kubwa kidogo!

Ila kaka akamkata kiburi mapema: tangazo hilo hilo likileta wateja watano, kila chupa ni hasara ya 800. Anahitaji kuuza angalau saba kabla hajaanza kula chochote.

Katoni ya pili ilikuwa imeshafungwa gundi. Dada akaikata, akazitoa chupa moja moja, akaanza kuwaandikia wateja wa zamani wasiohitaji tangazo. Marejesho ya kikoba ni Jumamosi.