Slaidi ya Kwanza Iseme Nani Asiombe

Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni Dar es Salaam, kurasa za ufadhili nilizozifuata Instagram zilikuwa na wimbo mmoja: "Soma Ulaya bure, nafasi bado zipo!" Nilizihifadhi kwenye simu, basi. Kilichonibadilisha ni posti ya dada mmoja aliyenitangulia idarani. Slaidi yake ya kwanza haikuwa na ndege wala mnara wa Paris. Iliandikwa: "Chevening bado si yako. Wanataka uwe umeshamaliza shahada, na uwe na saa 2,800 za kazi." Nikatelezesha. Ya pili: "Erasmus Mundus unaweza kuomba ukiwa bado unasoma, mradi uhitimu kabla masomo hayajaanza."

Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameniambia nisiombe kitu. Nikaacha kukimbiza kila tangazo, nikashika programu moja ya Erasmus Mundus. Leo slaidi hizo nawatengenezea wadogo zetu, na ninafuata njia yake.

Ninaanzia kwenye saa. Tangazo la programu yangu lilisema mwisho ni 15 Januari, 12:00 CET. Mswahili akiona 12:00 anasoma saa kumi na mbili jioni, na wenzangu kadhaa walisoma hivyo hivyo. Kumbe ni saa sita mchana ya Ulaya ya kati, na majira ya baridi Dar iko mbele yao kwa saa mbili. Kwetu mlango unafungwa saa nane mchana. Anayesubiri atoke kwenye vipindi jioni atakuta fomu haipokei tena. Kwa hiyo slaidi yangu inaandika "saa nane mchana ya Dar", na chini yake: "tuma tarehe 10".

Ukishajua mwisho, hesabu kurudi nyuma, na hapo ndipo barua za mapendekezo zinapokuumbua. Mwisho ukiwa katikati ya Januari, maana yake mhadhiri unamwomba katikati ya Novemba, kwa sababu Krismasi ikikaribia ofisi zinafungwa na watu wanakwenda kwao. Usimwendee mikono mitupu: mpe wasifu wako, alama ulizopata kwenye somo lake na tarehe ya mwisho. Muulize pia kama anatumia barua pepe ya chuo, maana baadhi ya programu humtumia yeye mwenyewe kiungo cha kupakia barua, na anwani ya Gmail huzaa maswali.

Nyaraka nyingine hazina hadithi ndefu, isipokuwa mbili. Jina lisomeke vilevile kwenye cheti cha RITA, cheti cha kidato cha nne, NIDA na pasipoti. "Hamis" na "Hamisi" ni watu wawili mbele ya karani. Ya pili ni transkripti. Sisi tunamaliza mitihani Julai, matokeo yanasubiri Seneti, na Ulaya masomo yanaanza Septemba. Waandikie mapema uwaulize kama wanapokea barua ya matokeo ya muda, na ile kamili wanaitaka lini. Slaidi hii haipati "like" nyingi, lakini siiondoi.

Kwenye barua ya motisha nilijifunza kufuta. Rasimu yangu ilianza, "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuhifadhi mazingira." Yule dada akaniuliza, "Mdogo wangu, mafunzo kwa vitendo ulifanyia wapi?" Nikamwambia Mwanza, mwalo wa Kirumba, nikipima sangara. "Sasa mbona hayumo?" Nikaandika upya: nilipima sangara waliokuwa chini ya sentimita 50, kipimo cha chini kinachoruhusiwa, na sikujua jinsi ya kukadiria hasara ya kuwavua kwa ziwa, na somo la muhula wa pili wa programu linafundisha hesabu hiyo. Ndoto ya utotoni haikurudi tena.

Slaidi ya mwisho ndiyo wanayonilalamikia kwamba inakatisha tamaa. Inasema ufadhili wa Erasmus Mundus hutoa euro 1,400 kwa mwezi, na ada inalipwa, ila tiketi, viza na kodi ya chumba vinatoka humo humo kwenye 1,400. Inasema pia kwamba majibu hayaishii kwenye "ndiyo" na "hapana". Unaweza kuwekwa orodha ya akiba, au ukapewa nafasi ya kusoma bila fedha, na barua hiyo inaanza na hongera kama zile nyingine. Soma mpaka aya ya fedha kabla hujampigia mama simu.

Mimi niliwekwa orodha ya akiba, na sikuitwa. Hilo pia nimeliandika kwenye slaidi, chini ya jina langu, ili anayefuata maelekezo yangu ajue yalinifikisha wapi. Matangazo mengi ya Erasmus Mundus hufunguliwa kuanzia Oktoba. Kama uko mwaka wa mwisho, wahadhiri wawili utakaowaomba barua wachague kabla ya hapo.