Mzee wa Taipu na Ujumbe wa Skrini Tatu

Mpwa wangu alinijia Jumapili na simu mkononi, amenuna. Anakausha pilipili manga kule Muheza, na kwa wiki mbili alikuwa akisubiri jibu la mfanyabiashara mmoja wa Arusha anayefunga chai ya masala. Hawajuani hata kidogo. "Mjomba, amesoma. Tiki mbili za buluu hizi hapa. Sasa kimya cha nini?"

Nikamwambia anisomee alichoandika. Alianza na "pole na majukumu ya ujenzi wa taifa", akaingia kwenye jina la kikundi chao, mwaka kilipoanza, dira yake, changamoto za mitaji na mvua, kisha picha sita. Mwisho kabisa, kwenye skrini ya tatu, ndipo penye jambo lenyewe: "hivyo tungependa kushirikiana nanyi kwa namna moja au nyingine."

"Ungekuwa wewe umeletewa huo ungejibu nini?"

Akafikiri. "Ningesema asante."

Nikamtajia mzee wa taipu. Hakujua taipu ni kitu gani.

Mzee huyo alikaa kwenye baraza moja Tanga, hatua chache kutoka posta, na meza yake ilikuwa na miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Ukikaribia ulipokewa na harufu: utepe wa wino, karatasi za kaboni zilizopigwa jua, mafuta ya cherehani aliyolainishia mashine, na kahawa chungu iliyokuwa haikosi kikombeni. Mashine ilikuwa Olivetti. Herufi "r" iliruka juu ya mstari, kwa hiyo barua zake zilijulikana mji mzima. Alitoza kwa ukurasa, na nusu ukurasa bei ile ile, hivyo kukufupishia barua hakukumpunguzia senti. Ufupi alijifunzia kwenye simu za maandishi, ambazo zilitozwa kwa neno na anwani nayo ikihesabiwa. Ndiyo maana ofisi zilisajili anwani ya simu ya neno moja na kuichapa juu ya barua zao. Mpaka uzeeni aliposoma maandishi yako, ncha ya penseli iligusa neno baada ya neno kama anayehesabu fedha za mtu mwingine.

Nilimpelekea barua ya baba mdogo, aliyekuwa akisuka mazulia ya mlangoni kwa makumbi ya nazi huko Pangani. Alitaka mwenye duka Arusha awe mbia wake. Siku zote nimesema ilikuwa 1984. Nakala ya kaboni niliyonayo inasema Machi 1983, na baba mdogo mwenyewe alishikilia kuwa ni baada ya ndoa yake ya pili, jambo lisilowezekana. Tuyaache.

Barua ilikuwa kurasa mbili za mkono, na ukurasa wa kwanza mzima ni salamu, hali yangu njema hofu kwako. Mzee hakuweka karatasi kwenye mashine. Aliniuliza kwanza: huyu bwana mmemchagua kwa nini, yeye na si jirani yake? Nikasema tumesikia anauza vifaa vya nyumbani na mazulia ya kufutia miguu yamemwishia. "Hilo umeliandika wapi?" Halikuwemo. Akauliza tena: akimaliza kusoma, mkono wake ufanye nini? Nikasema akubali ubia. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mtu hajakuona, hajashika zulia lako, unamwomba akuoe!

Hapo akaandika kichwa, kwa herufi kubwa: YAH: MAZULIA 6 YA MAKUMBI KWA MAJARIBIO. Salamu mstari mmoja. Mstari wa pili ukasema tunajua yamemwishia. Wa tatu ukatoa vipimo vya zulia na idadi tunayoweza kusuka kwa mwezi. Wa nne ukasema tutamletea sita, auze, alipe yatakayouzika. Neno ubia hakuliandika popote. Akainua uso: "Na nauli ya mzigo juu ya nani?" Baba mdogo hakuwa amewaza, nikajibu juu yetu, naye akaongeza. Chini kabisa alipiga maneno mawili, "Leta" na "Usilete", kila moja na kisanduku chake, kisha akanituma ninunue bahasha ya pili na stempu. Akaandika anwani yetu juu yake, akaikunja ndani. Bwana yule alichotakiwa ni kutia alama na kulamba gundi. Bahasha ilirudi siku ya kumi na moja, alama kwenye "Leta".

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Ikaja faksi, ukurasa bado una bei. Ikaja barua pepe, tukalipia dakika kwenye vibanda vya intaneti. Ikaja meseji ya herufi 160, ukizidisha unakatwa ya pili, na huo ndio ulikuwa mkono wa mwisho uliotubana. Sasa hakuna kinachobana. Aliyebaki akilipia urefu ni msomaji, naye anaulipia kwa muda wake. Wako na wale wanaonikera zaidi, wanaotuma "Habari" peke yake na kusubiri, kama waliobisha hodi wakajificha nyuma ya mlango.

Basi tukakaa na mpwa wangu. Nilimuuliza maswali ya mzee. Kwa nini huyu? Kumbe ameona pakiti zake dukani Tanga, na nyuma pameandikwa pilipili manga. Hilo, ambalo ndilo lingemfanya mtu asimame asome, halikuwemo popote katika skrini tatu. Dira nikaifuta, changamoto nikazifuta. Matatizo yetu si sababu ya mgeni kununua. Picha sita zikabaki moja, ya punje kiganjani kando ya sarafu ya shilingi mia, aone ukubwa. "Kushirikiana kwa namna moja au nyingine" kukawa robo kilo ya kuonja.

Nikazidisha kukata. Nilibakiza: "Nina pilipili manga kilo 40 kwa mwezi. Nikutumie uonje?" Mpwa wangu akatikisa kichwa. "Mjomba, hiyo ni ile hela tuma kwenye namba hii. Atanifungia." Alisema kweli. Ufupi wa mtu asiyejulikana unanuka utapeli, na mzee wa taipu hakuishi zama hizi. Tukarudisha jina, mahali na ile pakiti. Ukatoka hivi, na jina lake kamili mwanzoni:

"Habari za kazi. Mimi ni … , nakausha pilipili manga Muheza. Nimeona pakiti zenu za chai ya masala dukani Tanga, nyuma mmetaja pilipili manga. Nina kilo 40 kila mwezi, punje nzima, unyevu asilimia 12. Alhamisi naweza kukutumia robo kilo kwa basi uionje. Ukijibu 'tuma' au 'hatuhitaji' inatosha."

Ile asilimia 12 nilimhoji kabla ya kuiacha. Aliipima kwa kipima unyevu cha kuazima, na anaweza kuipima tena mbele ya mtu. Asingeweza, ningeifuta.

Aliutuma Jumanne saa tatu asubuhi. Saa nane mchana akanipigia, sauti inacheka. Jibu lilikuwa limekuja, nalo lilikuwa swali: "Nauli ya basi juu ya nani?"

Nikamwomba anisomee ujumbe wake wa kwanza tena. Sentensi hiyo ilikuwemo, katikati ya skrini ya pili, kati ya mvua na mitaji: gharama za kusafirisha ni juu yetu. Niliikata mimi.